Kujiandaa na difensi ya tasnifu ya masoko: maswali ya mbinu, sampuli na mapungufu, hatua kwa hatua

Watu wengi wakijiandaa na difensi wanakariri. Wanakariri maana ya sampuli nasibu, maana ya alfa ya Cronbach, nani alianzisha skeli ya Likert na mwaka gani, afu wakifika mbele ya paneli hawaulizwi hata kimoja. Wanaulizwa kitu kama "hapa ukurasa wa 41 umesema ulichagua wahojiwa kwa nasibu, ukurasa wa 58 unasema ulituma linki kwenye magrupu, sa ipi ni ipi?" Na hapo ndo mtu anaanza kutoa jasho, mana jibu halipo kwenye kitabu chochote, lipo kwenye kazi yake mwenyewe.

Nimekaa kwenye difensi za majaribio nyingi tu, nyingine nikiwa upande wa kuuliza, na kwa kazi za masoko karibu kila swali gumu la mbinu linatoka sehemu moja: nafasi iliyopo kati ya ulichoandika chapta ya tatu na ulichofanya kweli ulipoenda kukusanya data. Kwa hiyo mwongozo huu wote unahusu kuitafuta hiyo nafasi we mwenyewe kabla paneli haijaiona, na kujua utasema nini ukiulizwa.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga kwa kuunganisha kazi kadhaa nilizowahi kuziona, kwa hiyo usimtafute mwenyewe. Dada mmoja kafanya tasnifu inaitwa "Athari za mainfluensa wa mitandaoni kwenye nia ya kununua vipodozi". Watu wake ni wanafunzi wa chuo kimoja, jumla 4,200. Katumia dodoso la mtandaoni, skeli ya 1 mpaka 5, afu akafanya rigresheni yenye vigezo huru vitatu: uaminifu wa influensa, utaalamu wake na mvuto wake. Hivi vitatu vinatoka kwenye skeli ya Ohanian ya mwaka 1990, ambayo watu wa masoko wameitumia mpaka imechakaa, kwa hiyo paneli inaijua vizuri.

Hatua ya kwanza: karatasi ya "nilisema" na "nilifanya"

Wiki tatu kabla ya difensi, printi chapta ya tatu. Usiisomee kwenye simu, printi. Chukua karatasi nyingine igawe katikati, kushoto andika kila kitu ulichoahidi, kulia andika kilichotokea. Kila kitu: uliwalenga nani, wangapi, uliwapataje, ulijaribu dodoso kwa watu wangapi, uliondoa majibu mangapi na kwa sababu gani, ulipima nini kwa swali lipi.

Kuna dalili moja ambayo eksamina mzoefu anaiona ndani ya dakika mbili: vitenzi vya wakati ujao. "Mtafiti atatumia...", "wahojiwa watachaguliwa..." Hii inamwambia kwamba chapta ilihamishwa kutoka kwenye proposo bila kuguswa, na kama haikuguswa basi maelezo yake hayawezi kuwa ya kweli, kwa hiyo anaanza kuchimba hapo hapo. Tafuta "ata" na "wata" zote kwenye hiyo chapta, ukizikuta usibadilishe kitenzi tu, jiulize kwanza kama hicho kitu kweli kilifanyika.

Dada wa mfano wetu alipofanya zoezi hili upande wa kushoto ulisema wahojiwa 366, uchaguzi wa nasibu. Upande wa kulia: linki kwenye magrupu ya wasap ya madarasa, majibu 241, yakaondolewa 17 (wengine hawafuati influensa yeyote, wengine walijaza 3 kuanzia juu mpaka chini), yakabaki 224. Na hakuwahi kuandika popote kwanini 366 zikawa 224. Hilo peke yake lina maswali manne ndani yake.

Hatua ya pili: sampuli, na hapa kaa muda mrefu

Anza na ile fomula ambayo nusu ya tasnifu za masoko zinaitumia, ya Yamane:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 4200 / (1 + 4200 × 0.05²)
n = 4200 / 11.5 = 365.2, yaani 366
```

Hesabu yake iko sawa kabisa, hakuna atakayemuuliza hesabu. Swali litakuwa hili: "Yamane inafanya kazi kwa dhana gani?" Jibu ni kwamba ile e, ile asilimia 5 ya kosa, ina maana pale tu kila mtu kati ya wale 4,200 alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, kwa lugha rahisi ulikuwa na orodha ya majina na ukachomoa kwa nasibu. Ukishatuma linki kwenye grupu, anayejibu ni aliyekuwa na bando, aliyekuwa hana usingizi, anayependa vipodozi, na rafiki yako. Hiyo ni sampuli ya upatikanaji rahisi. Fomula ya nasibu juu ya sampuli isiyo ya nasibu ni kama kupima urefu wa mtu kwa mizani, namba utaipata ila sijui inasema nini.

Sasa kosa la kwanza ambalo watu wanafanya hapa ni kujitetea. "Lakini nilituma kwenye magrupu mengi kwa hiyo ni kama nasibu." Usiseme hivyo kamwe, mana hapo umeonyesha hujui tofauti, na ile ilikuwa bado haijajulikana. Jibu linalosimama lina sehemu tatu, na nitalirudia umbo hili kwa kila swali: nilifanya nini, kwanini, na inabadilisha nini kwenye hitimisho langu. Ile ya tatu ndo wengi wanaisahau na ndo paneli inayoisubiri.

Kwa dada yetu jibu likawa hivi: "Asante Profesa. Nilitumia Yamane kupata lengo la ukubwa nikiwa nimepanga kuchukua orodha ya wanafunzi. Orodha sikuipata, kwa hiyo nikatuma linki kwenye magrupu ya madarasa, ambayo ni sampuli ya upatikanaji rahisi, na nakiri chapta ya tatu haikulisema hilo wazi, nitalirekebisha. Kwa maana hiyo sidai kwamba asilimia fulani ya wanafunzi wote wa chuo wana nia ya kununua. Ninachokitetea ni uhusiano kati ya uaminifu na nia ya kununua ndani ya hawa 224, na kwa rigresheni ya vigezo vitatu ukubwa huo unatosha."

Atauliza unatosha kwa kipimo gani. Hapa kuna kanuni ya Green ya mwaka 1991 ambayo ni rahisi kuikumbuka: ukitaka kupima modeli nzima, watu wasipungue 50 kujumlisha 8 mara idadi ya vigezo huru, na ukitaka kupima kigezo kimoja kimoja wasipungue 104 kujumlisha idadi ya vigezo. Kwa vigezo vitatu hiyo ni 74 na 107. Yeye ana 224, kapita zote mbili. Lakini ajue na mpaka wake, kanuni hii inazungumzia nguvu ya kugundua uhusiano wa ukubwa wa kati, haisemi chochote kuhusu nani hayupo kwenye sampuli. Kuwa na watu wa kutosha na kuwa na watu sahihi ni mambo mawili, na eksamina mjanja atajaribu kukufanya uyachanganye.

Atakuchanganyaje? Kwa swali linalosikika la huruma: "Kwa hiyo ungepata wale 366 tatizo lingeisha?" Ukisema ndiyo umekwisha. Mfano mzuri wa kuushika kichwani ni gazeti la Literary Digest mwaka 1936 kule Marekani, lilituma karatasi za kura ya maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais. Akashinda Roosevelt tena kwa mbali. Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliopewa karatasi hawakurudisha, kwa hiyo ile milioni 2 ilikuwa rundo kubwa la watu wale wale. Huna haja ya kusimulia yote hii mbele ya paneli, sentensi moja inatosha: "Hapana Daktari, ningeongeza kwa njia ile ile ningepata wengi zaidi wa aina ile ile."

Kuna kitu kingine ambacho nakiona karibu kila kazi ya dodoso la mtandaoni, na kinaniudhi kidogo kwa kweli. Mtu anachukua 224 anagawanya kwa 366 anapata asilimia 61, afu anaandika "kiwango cha majibu kilikuwa asilimia 61 ambacho ni kizuri". Kiwango cha majibu ni waliojibu gawanya kwa waliofikiwa. Hiyo 366 haikuwa idadi ya waliofikiwa, ilikuwa ndoto yako. Ukituma linki kwenye grupu la watu 200 hujui wangapi waliiona, na wengine wanaipeleka mbele kwenye magrupu usiyoyajua. Kwa hiyo kiwango cha majibu hakihesabiki, sema hivyo hivyo, na namba ya asilimia 61 ifute kwenye slaidi kabla hujaulizwa.

Unachoweza kufanya badala yake, na inachukua saa moja tu, ni kuangalia muda wa majibu. Fomu za mtandaoni zinarekodi saa ya kila jibu. Panga majibu kwa muda, chukua theluthi ya kwanza na theluthi ya mwisho, kwa 224 hiyo ni 75 na 75 hivi, linganisha wastani wa vipimo vyako. Wazo hili watu wa masoko wanalijua kwa Armstrong na Overton, 1977: waliochelewa kujibu wanafanana kidogo na wasiojibu kabisa. Dada yetu akakuta wastani wa uaminifu 3.62 kwa wa mwanzo na 3.48 kwa wa mwisho, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Akaiweka kwenye slaidi ya akiba. Ila usiitumie kama kinga ya kila kitu, mana aliyechelewa bado ni mtu aliyejibu, yule ambaye hakujibu kabisa hatumjui.

Malizia sampuli kwa kujiuliza nani hayupo. Kati ya 224 wanawake walikuwa 159, yaani asilimia 71. Swali la paneli liko wazi hapo: "hii si tasnifu ya wanawake?" Akarudia rigresheni kwa makundi mawili, uaminifu ukabaki namba moja kwa wote, 0.43 kwa wanawake na 0.35 kwa wanaume. Sa hapa mtego wa pili, usije ukasema "kwa wanaume athari ni ndogo". Wanaume ni 65 tu, hata ile 74 ya Green hawafikii, na tofauti ya 0.43 na 0.35 kwa kundi dogo hivyo inaweza kuwa bahati tu. Sema matokeo yanaelekea upande mmoja kwa makundi yote mawili na kwamba kwa wanaume ushahidi ni dhaifu zaidi. Basi, nyamaza.

Hatua ya tatu: mbinu, anza na neno moja kwenye kichwa cha tasnifu

Hilo neno ni "athari". Kila mtu anaandika athari. Halafu data zake zote zimekusanywa mara moja, kwa mtu mmoja, ndani ya dakika kumi. Eksamina atauliza: "unajuaje kwamba uaminifu ndo ulileta nia ya kununua na sio kinyume?" Na kinyume kinawezekana kabisa, mtu kanunua losheni aliyoitangaza influensa, ikamfaa, ndo akaanza kumwamini. Kwenye data yako hadithi hizi mbili zinafanana, rigresheni haiwezi kuzitenganisha hata ukiibembeleza.

Cha kufanya: fungua tasnifu, tafuta "athari", "inasababisha", "inaongeza", "inachangia", moja moja, na kila mahali jiulize kama unaweza kusema "inahusiana na" au "inaambatana na". Sehemu nyingi utaweza. Kichwa cha tasnifu kama hakibadiliki tena kwa sasa, kuwa na sentensi tayari: "Neno athari limetumika kwa maana ya mwelekeo uliopendekezwa na nadharia, muundo wa utafiti wangu unaonyesha uhusiano tu. Ili kuthibitisha sababu ningehitaji jaribio, mfano kundi moja lione tangazo la influensa anayetaja wazi kwamba kalipwa na kundi lingine lione lile lile bila kutaja, wakigawanywa kwa nasibu." Ukiweza kuelezea hilo jaribio kwa sentensi moja, mara nyingi paneli inaliacha hilo swali, mana wameshaona unaelewa.

Linalofuatia ni la chanzo kimoja. Mtu yule yule kajibu kuhusu influensa na kajibu kuhusu nia yake, kwenye dodoso moja, wakati mmoja. Mwenye tabia ya kukubali kila kitu ataweka 4 na 5 kote, na uhusiano utaonekana hata kama haupo. Wengi wanajibu kwa jaribio la Harman la faktari moja: unaweka maswali yote kwenye uchambuzi wa faktari bila kuzungusha, kama faktari ya kwanza haijafika nusu ya tofauti zote unapumua. Litaje ukilifanya, lakini usiliegemee, Podsakoff na wenzake mwaka 2003 walishalieleza kwamba ni jaribio dhaifu na eksamina aliyesoma atakwambia hivyo. Kilicho na nguvu zaidi ni ulichofanya kabla ya kukusanya: majibu hayakuwa na majina, maswali ya nia yaliwekwa mbali na ya influensa, baadhi ya kauli ziligeuzwa. Kama hukufanya hata kimoja, hilo ni pungufu, lipeleke hatua ya nne.

Sasa nije kwenye swali ambalo naona ni tamu kuliko yote kwenye mfano huu. Matokeo yalikuwa: uaminifu 0.41, utaalamu 0.22, vyote p chini ya 0.001, mvuto 0.07 na p ya 0.27. Kwenye chapta ya tano kaandika "mvuto wa influensa hauna athari kwenye nia ya kununua vipodozi, kampuni zisihangaike nao". Vipodozi! Profesa yeyote wa masoko hapo atainua kichwa.

Ukichimba unakuta mambo mawili. La kwanza, alfa ya mvuto ilikuwa 0.61 wakati nyingine zote zilipita 0.8. Skeli ya asili ina vipengele vitano kwa kila kimoja, jumla 15, na inatumia jozi za maneno yenye maana kinyume. Yeye aligeuza kuwa kauli za kukubali na kukataa na kwenye mvuto akabakiza kauli tatu ili dodoso lisiwe refu. Kipimo kikiwa na kelele uhusiano unaoonekana unapungua, kwa hiyo sehemu ya ile 0.07 inaweza kuwa ni udhaifu wa kipimo tu. Na usijitetee kwa "Ohanian alishaithibitisha skeli", alithibitisha ya kwake, wewe umeibadilisha.

La pili lipo kwenye swali la mchujo. Dodoso lilisema "fikiria influensa mmoja wa vipodozi unayemfuata". Nani anamfuata influensa wa vipodozi anayemwona hana mvuto? Karibu wote waliweka 4 au 5, wastani 4.4, watu hawatofautiani. Kitu kisichotofautiana hakiwezi kueleza tofauti za kitu kingine, hata kama kina uzito mkubwa. Ukitaka kujua kama una tatizo hili fungua SPSS uangalie mkengeuko sanifu wa kila kigezo, hapa mvuto ulikuwa 0.48 na uaminifu 0.83. Ni dakika tano hiyo kazi, na wengi hawaifanyi.

Kwa hiyo jibu lake likawa: "Profesa, siwezi kusema mvuto hauna uzito. Nimeshindwa kuuona kwenye data hii, na kuna sababu mbili, kipimo changu cha mvuto kilikuwa dhaifu, na kwa sababu kila mtu alijichagulia influensa anayemfuata, mvuto ulikuwa juu kwa karibu wote. Nilipaswa kuwapa wote influensa wale wale wa kupima." Angalia hapo, hajapoteza kitu. Kakiri pungufu na wakati huo huo kaonyesha anajua data yake kuliko wao.

Afu kuna nia dhidi ya kununua kweli. Ulipima nia kwa kauli kama "nina mpango wa kununua", na kati ya kusema nitanunua na kununua kuna safari ndefu. Sema hivyo kwa sentensi moja, na hakikisha kwenye mapendekezo hujaandika popote kwamba mauzo yatapanda.

Hatua ya nne: andika upya mapungufu yako

Ukurasa wa mapungufu wa wengi unasema muda ulikuwa mfupi, pesa zilikuwa kidogo, baadhi ya wahojiwa hawakutoa ushirikiano. Haya ni malalamiko. Paneli inataka kujua kasoro gani iko kwenye ushahidi, inauvuta upande gani, na hitimisho gani linaguswa.

Chukua hilo la kufuata influensa. Kasoro: wahojiwa wote ni watu wanaomfuata influensa kwa hiari. Upande: waliopoteza imani walishaacha kufuata, kwa hiyo hawamo, na wastani wa uaminifu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo kwa watumiaji kwa jumla. Linaloguswa: huwezi kuwaambia kampuni kwamba vijana wanawaamini mainfluensa. Lisiloguswa sana: kwamba kati ya wafuasi, anayeamini zaidi ana nia kubwa zaidi. Hiyo sehemu ya mwisho ndo inakuokoa, mana bila hiyo unajikuta umeorodhesha kasoro mpaka tasnifu nzima imekufa mikononi mwako, afu mtu anakuuliza "sasa kwa mapungufu yote haya tukupe shahada ya nini?" Nimeshaona swali hilo likiulizwa, na mwanafunzi akacheka kwa woga, haikuwa nzuri.

Matatu au manne yaliyoelezwa hivyo yanatosha. Ukiwa na kumi paneli itachagua lile usilolijua vizuri.

Hatua ya tano: fanya kwa sauti

Jibu lililo kichwani na jibu lililo mdomoni ni vitu tofauti kabisa. Kaa na watu wawili, mmoja wa fani yako na mmoja asiyejua chochote, wape tasnifu siku tatu kabla, na wape ruhusa ya kukukatiza. Rekodi kwa simu. Ukisikiliza utagundua mambo mawili: majibu yako ya sampuli ni marefu mno, na unaanza kila jibu kwa kujitetea. Lenga sekunde 40 mpaka dakika moja, afu funga mdomo. Mimi difensi yangu ya kwanza niliulizwa kwanini dodoso, nikajibu "supavaiza alinishauri hivyo", ukumbi ukanyamaza, na supavaiza mwenyewe yupo pale anaangalia meza. Supavaiza asitajwe kama sababu ya chochote.

Jifunze pia kuuliza. Swali likiwa refu lenye vitu viwili ndani, andika, afu sema "Daktari, nimesikia maswali mawili, la ukubwa wa sampuli na la namna ya kuipata, naomba nianze na la kwanza." Na kama hujui, sema hukulipima, kisha eleza ungelipimaje. Kubuni namba pale mbele ni hatari kweli, mtu ana nakala ya tasnifu mkononi.

Slaidi za mbinu ziwe mbili tu kwenye wasilisho, zingine ziwe za akiba mwisho: dodoso kamili, jedwali la alfa na mkengeuko sanifu, theluthi ya mwanzo na ya mwisho, rigresheni kwa jinsia. Andika namba ya slaidi kwenye karatasi ndogo ili ukiulizwa usipekue slaidi 30 watu wakikuangalia. Na tasnifu iliyoprintiwa iwe na vibandiko kwenye kurasa za sampuli, vipimo, matokeo na mapungufu.

Siku yenyewe

Mwombe rafiki akae nyuma aandike kila swali na nani kauliza, mana we ukitoka hutakumbuka hata nusu, na ripoti ya masahihisho mara nyingi inakuja baada ya siku kadhaa ikiwa na sentensi fupi fupi usizozielewa. Kama kuna kosa uliligundua mwenyewe baada ya kuwasilisha nakala, mfano ile asilimia 61, litaje wewe kwenye slaidi ya mbinu kabla ya maswali: "kwenye ukurasa wa 57 niliandika kiwango cha majibu, namba hiyo si sahihi, nimeiondoa na sababu ni hii." Nusu dakika tu. Swali lililokuwa likukamate linakuwa halipo tena.

Kwa kazi kama ya dada yetu masahihisho ya kutegemea ni haya: aseme wazi sampuli ni ya upatikanaji rahisi, afute asilimia 61, "athari" igeuzwe "uhusiano" kwenye kichwa na kwenye malengo, na ile aya ya kampuni zisihangaike na mvuto itoke. Ni kazi ya kama wiki moja hiyo, na kwa kuwa zote zilishakuwa kwenye ile karatasi yake ya nilisema na nilifanya, anaanza kuzirekebisha jioni ile ile bila kusubiri ripoti.